Ahadi Imefungwa, Bei Iko Huru: Kwa Nini Hatifungani Hushuka Bei Riba za Soko Zinapopanda

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo. Imeandikwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa bodi, wazee wetu wastaafu, ndugu wanachama wote, Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze kabla hatujapiga kura juu ya pendekezo la kuweka fedha za chama katika hatifungani za Serikali. Sikuja kuwaambia kwamba hatifungani ni nzuri au mbaya. Nimekuja kwa sababu ya swali aliloniuliza mama mmoja, mwalimu mstaafu na mwanachama mwenzetu, ambaye ameniruhusu nilisimulie jambo lake bila kutaja jina. Mwaka 2022 alichukua shilingi milioni 10 za kiinua mgongo chake akanunua hatifungani ya Serikali ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Kila baada ya miezi sita riba yake, shilingi 628,000, iliingia benki bila kukosa hata mara moja. Kisha mumewe akaugua, fedha zikahitajika haraka, akaenda kwa dalali wa soko la hisa kuuza. Dalali akamwambia kwamba mnunuzi yupo, lakini anatoa shilingi milioni 8.4.

Mama yule alinipigia simu usiku huohuo. Aliniuliza, “Mwanangu, Serikali imefilisika?” Nikamjibu hapana. Akauliza, “Basi nimeibiwa?” Nikamjibu hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonisimamisha hapa leo: “Kama Serikali haijafilisika, wala mimi sijaibiwa, milioni moja na laki sita zangu zimekwenda wapi?”

Ndugu wanachama, ni wangapi kati yetu wangeweza kumjibu?

Niruhusuni nianzie shambani, maana ndiko nilikojifunzia jambo hili kabla sijawahi kuiona hatifungani. Mjomba wangu alikuwa na shamba la mpunga huko Kilombero, na alikuwa amelikodisha kwa mkataba wa miaka mitano, kwa magunia 10 kila msimu. Msimu wa kwanza haujaisha vizuri, mashamba ya jirani, yenye ukubwa uleule na maji yaleyale, yakaanza kukodishwa kwa magunia 12. Katikati ya hali hiyo mjomba akataka kuliuza shamba. Mnunuzi akaja, akalikagua, akaridhika nalo, kisha akasema: “Shamba ni zuri, lakini umeshalifunga kwa magunia 10 kwa miaka minne ijayo. Jirani yako ananiuzia la kwake ambalo nitalikodisha kwa magunia 12. Kwa nini nikupe bei ileile ninayompa yeye?”

Mjomba hakuwa na jibu. Hakuweza kumlazimisha mpangaji wake aongeze magunia mawili, kwa sababu mkataba ulikuwa umeandikwa na kutiwa saini. Hakuweza kuwazuia majirani wasikodishe kwa magunia 12. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa mikononi mwake kukibadilisha, nacho ni bei. Akapunguza bei kiasi cha kumfidia mnunuzi yale magunia mawili ambayo angeyakosa kila msimu hadi mkataba uishe, na biashara ikafanyika.

Hatifungani ni shamba lililokwisha kufungwa kwa mkataba. Mnapoinunua, mnanunua ahadi mbili za Serikali: ahadi ya kulipa riba ya kiwango maalumu kila baada ya miezi sita, na ahadi ya kurudisha mtaji wote siku hatifungani itakapoiva. Ahadi hizo hazibadiliki. Riba za soko zikipanda, Serikali haiwaongezei hata senti. Zikishuka, haiwapunguzii hata senti. Ahadi imefungwa, bei iko huru. Na kwa kuwa ahadi imefungwa, kila badiliko la riba sokoni halina mahali pengine pa kutokea isipokuwa katika bei.

Sasa tuweke tarakimu, lakini chache, na ninaomba wenye kalamu waandike. Chukulieni hatifungani ya shilingi 100, yenye riba ya shilingi 10 kwa mwaka, iliyobakiza mwaka mmoja tu kuiva. Atakayekuwa nayo mwisho wa mwaka atapokea shilingi 110, yaani mtaji na riba. Leo asubuhi hatifungani mpya za mwaka mmoja zinatolewa kwa riba ya asilimia 12, kwa hiyo mwenye shilingi 100 akinunua mpya atapokea 112. Je, yupo mtu mwenye akili timamu atakayetoa shilingi 100 apate 110, wakati mlango wa pili anatoa shilingi 100 zilezile apate 112? Hayupo. Basi atatoa kiasi gani? Atatoa kiasi ambacho kikikua kwa asilimia 12 kinafika 110. Gawanyeni 110 kwa 1.12, mtapata shilingi 98.21. Hiyo ndiyo bei. Haikupangwa na dalali, wala haikutokana na ujanja wa mnunuzi. Imetokana na kugawanya.

Tazameni vizuri alichokipata mnunuzi huyo. Karatasi bado imeandikwa riba ya asilimia 10, lakini yeye ametoa 98.21 na atapokea 110, kwa hiyo fedha yake imezaa asilimia 12. Hapo ndipo penye tofauti ambayo mwalimu wetu hakuwahi kuelezwa siku anajaza fomu. Kuna riba, ambayo wengine huiita kuponi: hiyo ni ya karatasi, na huhesabiwa kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Kuna mavuno: hayo ni ya mnunuzi, na huhesabiwa kwa bei aliyolipa. Riba imezaliwa na karatasi na itakufa nayo. Mavuno huzaliwa upya kila siku karatasi inapobadilisha mikono.

Kwa hiyo anayesema kwamba mavuno yamepanda na anayesema kwamba bei imeshuka hawasimulii mambo mawili, kwamba moja limetokea kisha likasababisha jingine. Wanasimulia jambo moja kwa maneno mawili. Malipo yanayokuja ni yaleyale. Ukiyalipia kidogo umevuna zaidi, ukiyalipia ghali umevuna kidogo. Haiwezekani kabisa, kwa hatifungani moja yenye malipo yaliyofungwa, bei na mavuno yapande pamoja siku moja.

Mtaliona hili waziwazi katika minada ya Benki Kuu ya Tanzania. Kwa kawaida riba ya hatifungani hutangazwa kabla ya mnada. Wawekezaji wakubwa hawashindani kwa kutaja riba wanayotaka, bali hutaja bei watakayolipa kwa kila shilingi 100 za thamani iliyoandikwa. Anayeona kwamba riba iliyotangazwa ni ndogo kuliko anavyohitaji huandika bei iliyo chini ya 100. Anayeiona kuwa ni kubwa huandika bei iliyo juu ya 100. Kwa hiyo hata siku ya kuzaliwa kwake, hatifungani inaweza kuuzwa chini au juu ya thamani iliyoandikwa, na mavuno yake yakawa tofauti na riba yake.

Kuhusu mavuno ninaomba kuongeza tahadhari moja, kwa kuwa nimeona watu wazima, tena wasomi, wakijikwaa hapa. Wengi huchukua riba ya mwaka wakaigawanya kwa bei waliyolipa, wakadhani wamemaliza. Tuseme hatifungani yetu ya riba ya shilingi 10 imebakiza miaka miwili, na soko linadai asilimia 12. Bei yake itakuwa shilingi 96.62. Mkigawanya 10 kwa 96.62 mnapata asilimia 10.35. Mbona si 12? Kwa sababu mmesahau kwamba siku ya kuiva mnunuzi atalipwa shilingi 100 kamili ilhali alitoa 96.62, na hizo shilingi tatu na senti za nyongeza nazo ni sehemu ya mavuno. Mavuno kamili hadi kuiva hujumlisha vyote viwili, riba za njiani na tofauti ya mwishoni, kila kimoja kwa wakati wake. Mkiulizia mavuno kwa dalali, mwulizeni kwanza anakusudia yapi.

Sasa nirudi kwa mama yetu, kwa maana bado sijamjibu. Mfano wangu wa mwaka mmoja ulishusha bei kutoka 100 hadi 98.21, ambayo si hasara ya kumnyima mtu usingizi. Kwa nini basi yeye alikabiliwa na pengo la milioni moja na laki sita?

Jibu ni muda. Mjomba wangu alipunguza bei ya shamba kwa kadiri ya magunia ambayo mnunuzi angeyakosa, na mnunuzi angeyakosa kwa misimu minne. Je, mkataba ungekuwa wa misimu 25? Chukueni hatifungani ileile ya riba ya shilingi 10, na badiliko lilelile la soko kutoka asilimia 10 hadi 12. Ikiwa imebakiza mwaka mmoja, bei ni 98.21. Ikiwa imebakiza miaka 10, bei ni 88.70. Ikiwa imebakiza miaka 25, bei ni 84.31. Serikali ni ileile, riba ni ileile, badiliko la soko ni lilelile. Kilichobadilika ni idadi ya miaka ambayo mnunuzi atapokea shilingi 10 wakati wenzake wanapokea 12, na pia umbali wa ile siku ya kurudishiwa shilingi 100 zake.

Mama yetu alinunua katika kipindi cha riba za chini. Wale mnaofuatilia mtakumbuka kwamba mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 15.95, na mwaka 2022 kiwango kikateremshwa hadi 12.56. Siku alipohitaji kuuza, mnunuzi aliyepatikana alikuwa akidai mavuno ya asilimia 15, na hatifungani ilikuwa imebakiza miaka 22 na nusu. Nilikaa naye nikaipiga hesabu hiyo mbele yake: malipo 45 ya shilingi 628,000 kila miezi sita, kisha milioni 10 mwishoni, yote yakirudishwa kwenye thamani ya leo kwa asilimia 7.5 kwa kila nusu mwaka. Jibu lilikuwa shilingi 84.36 kwa kila 100. Dalali hakumdanganya. Milioni moja na laki sita hazikuchukuliwa na mtu. Ni fidia ambayo mnunuzi aliidai kwa kukubali kupokea 12.56 kwa miaka 22 na nusu katika soko linalolipa 15.

Kwa haki ni lazima niseme pia upande wa pili. Kiwango kilipoteremshwa mwaka 2022, wale waliokuwa wameshika zile za asilimia 15.95 walijikuta na mkataba wa magunia mengi katika bonde la magunia machache. Mnunuzi aliyeridhika na mavuno ya asilimia 12.56, kwa hesabu hiihii, angeweza kulipa takribani shilingi 125 kwa kila 100. Kanuni haimchukii mtu wala haimpendelei.

Mtaniuliza, je, riba za soko hupandishwa na nani? Benki Kuu yetu tangu Januari 2024 hutumia riba ya msingi, iliyoanza na asilimia 5.5 na kupanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huohuo. Riba hiyo huongoza zaidi mikopo ya muda mfupi baina ya mabenki. Mavuno ya miaka 20 au 25 husikiliza pia mambo mengine: mfumuko wa bei ambao watu wanautarajia, kiasi cha fedha ambacho Serikali inahitaji kukopa, na ukwasi walio nao mabenki na mifuko ya hifadhi ya jamii, ambao ndio wanunuzi wakubwa. Kwa hiyo msikae mkidhani kwamba riba ya msingi isipoguswa basi bei ya hatifungani yenu imelala.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo ninapoligusa pendekezo lililo mezani, na ninaomba nipite kwanza Marekani, maana kuna taasisi iliyofanya kile tunachotaka kukifanya leo.

Benki ya Silicon Valley ya California ilipokea amana nyingi sana miaka ya 2020 na 2021, wakati riba za nchi hiyo zilikuwa karibu na sifuri, ikaweka sehemu kubwa ya fedha hizo katika hatifungani za muda mrefu za Serikali na zile zinazotokana na mikopo ya nyumba. Hazikuwa karatasi za kitapeli. Wadaiwa wake walikuwa wa kuaminika kuliko karibu wote duniani, na malipo yalikuja kwa wakati. Kisha, kuanzia Machi 2022, benki kuu ya Marekani ikapandisha riba kwa kasi, na kufikia Februari 2023 riba yake ilikuwa kati ya asilimia 4.50 na 4.75. Ahadi imefungwa, bei iko huru: bei za hatifungani hizo zikaporomoka.

Je, kuporomoka kwa bei peke yake kuliiangusha benki ile? Hapana. Kama wenye amana wangesubiri, karatasi zile zingeiva na kulipwa kamili. Lakini wenye amana hawakusubiri. Walianza kuhitaji fedha zao, na tarehe 8 Machi 2023 benki ikatangaza kwamba imeuza hatifungani za takribani dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Kesho yake wateja walitoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Tarehe 10 Machi benki ikafungwa na wasimamizi.

Hasara ya bei ilikuwapo tangu riba zilipopanda, ila ilikuwa imekaa kimya ndani ya vitabu. Kilichoiamsha ni kulazimika kuuza. Yule mwalimu wetu naye, asingeuguliwa, asingejua kamwe kwamba hatifungani yake imeshuka. Tena ingejipandisha yenyewe taratibu, hata kama soko lingeendelea kudai asilimia 15 miaka yote: ikibakiza miaka mitano ingefika shilingi 91.63, ikibakiza mwaka mmoja ingefika 97.81, na siku ya kuiva ingelipwa 100. Kadiri mkataba wa magunia 10 unavyokaribia kuisha, ndivyo shamba linavyorudi kwenye bei ya majirani zake.

Msinielewe kwamba anayesubiri hadi mwisho hapotezi kitu. Anapata kila alichoahidiwa, hilo ni kweli, lakini kwa miaka 22 anavuna 12.56 wakati wengine wanavuna 15, na ikiwa mfumuko wa bei ndio uliopandisha riba hizo, shilingi atakazolipwa mwishoni zitanunua vitu vichache zaidi. Kusubiri hakuifuti hasara yote. Hugeuza ile ya siku moja ikawa ndogo ndogo za kila mwaka.

Mama yetu hakuuza. Alikwenda benki akaweka hatifungani hiyo dhamana ya mkopo mdogo wa matibabu, na hata huko afisa mikopo alianza kwa kuulizia bei yake ya sokoni, si milioni 10 zilizoandikwa. Mume wake anaendelea vizuri, namshukuru Mungu, na mkopo anaulipa kwa zile 628,000 za kila miezi sita.

Sasa pendekezo letu. Bodi inaomba ridhaa ya kuweka shilingi milioni 80 katika hatifungani ya miaka 25, kwa sababu ndiyo yenye riba kubwa kuliko zote. Nimeomba kwa mhasibu mchanganuo wa fedha hizo. Milioni 50 kati yake ni zile ambazo kila Januari wanachama huzikopa kwa ajili ya ada za shule. Milioni 30 ni akiba ya lazima ambayo hatujaigusa tangu chama kiundwe.

Je, mnaona sasa tunachokaribia kukifanya? Tukiweka milioni 50 zile katika karatasi ya miaka 25, tutakuwa tumejipangia tarehe ya kulazimika kuuza, na tarehe yenyewe ni Januari ijayo, bila kujua soko siku hiyo litadai mavuno ya asilimia ngapi. Likidai zaidi ya leo, wazazi watapungukiwa ada, na hakuna atakayekuwa amewaibia.

Kwa hiyo ninaomba pendekezo lirekebishwe. Milioni 50 ziende katika dhamana za Serikali za muda mfupi zitakazoiva kabla ya Desemba kwisha, hata kama faida yake ni ndogo. Milioni 30 ndizo ziende katika muda mrefu, na katika vitabu vyetu vya kila robo mwaka bodi iandike safu mbili kwa kila hatifungani, thamani iliyoandikwa na bei ya sokoni siku hiyo, ili mwanachama yeyote atakayeuliza azione zote mbili. Ndugu Mwenyekiti, naomba mwenzangu mmoja aniunge mkono ili marekebisho haya yapigiwe kura.